Kadi ya Tatu

Kwenye mapokezi ya kliniki moja ya wanyama, iliyobanwa kati ya duka la vioo na ofisi ya kutoa nakala, alikaa mwanamke ambaye wateja walimwita Mama Kadi. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Kwa miaka kumi na moja kila mbwa na kila paka aliyechanjwa pale alitoka na kadi iliyoandikwa kwa mkono wake, herufi zimesimama wima, tarehe ya chanjo inayofuata imepigiwa mstari mara mbili. Mara moja haikumtosha. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Akifunga mlango wa nyumbani lazima arudi kuusukuma, kisha arudi tena kuhakikisha jiko limezimwa, na mumewe, fundi wa majokofu mwenye subira nyingi, alizoea kumngoja nje ya geti akiwa amekwisha weka begi chini. Akitaniwa, hujibu kwamba wasiwasi ndiyo akili.

Mwaka ule mvua zilizidi, na kupe wakazidi pamoja nazo. Katika wiki moja waliletwa mbwa watatu wenye homa ya kupe, na mmoja akafia mezani. Daktari, mwanamke wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa mwenye kliniki, aliumia sana. Akajifungia kila mchana kwa siku kumi na nne, akaandika makala ndefu: kupe ni nani, anaishi wapi, anaambukiza nini, mbwa akaguliwe wapi mwilini, kupe ang'olewe vipi, dawa ipi ipakwe na ipi isipakwe. Maneno elfu mbili na mia nne. Akaiweka kwenye tovuti ya kliniki. Baada ya wiki mbili ilikuwa imesomwa mara arobaini na moja, na Mama Kadi alishuku kwamba kumi kati ya hizo ni Daktari mwenyewe, aliyekuwa akienda kutazama kama kuna aliyesoma.

Basi asubuhi moja Daktari akamwita ofisini. Akasema makala ile ni ng'ombe mzima, na hakuna mteja atakayembeba ng'ombe mzima mpaka nyumbani. Inabidi achinjwe, agawanywe vipande. Jumatatu zitoke kadi tano za picha kwenye mitandao ya kijamii, Jumatano itoke video ya dakika moja, na Ijumaa jarida fupi liende kwa barua pepe kwa wateja mia sita na thelathini walioacha anwani zao. Kijana wa kampuni ya usanifu aliyekuwa akifanya kazi hizo alikuwa ameacha, akabakiza mifumo yake kwenye kompyuta ya mapokezi: rangi za kliniki, nembo, na visanduku vitupu vya kujaza maneno.

“Wewe ndiye mwenye mkono mzuri,” Daktari alimwambia. “Na wateja unawajua kuliko mimi.”

Mama Kadi alikubali kwa kinywa. Usingizi ulikatika siku tatu. Alijua kuandika kadi ya mnyama mmoja kwa mwenyewe mmoja aliyesimama mbele yake. Sasa anaambiwa aandikie watu asiowaona, na kwa maneno ya mtu mwingine aliyesomea. Lakini kukataa kulimtisha zaidi, maana yeye alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hakupenda Daktari aanze kufikiri kwamba mapokezi yanahitaji mtu mwingine, anayejua mambo ya siku hizi.

Akaanza kwa kusoma. Alichapa makala kwenye karatasi, akaisoma mara tatu, penseli mbili mkononi. Ya bluu ilipigia mstari jambo linaloweza kusimama peke yake. Nyekundu ilipigia mstari jambo la hatari. Akagundua kwamba makala haikatwi kama mkate, kipande hiki hapa na kile pale. Sentensi iliyotulia vizuri katikati ya aya, ukiitoa peke yake inabaki inaning'inia, inasema “hivyo” na “hayo” na hakuna anayejua hayo ni yapi. Ilimbidi kuandika upya. Kwa video aliandika maneno mia moja na ishirini, akayasoma kwa sauti huku akitazama saa ya ukutani, akapunguza mpaka yakaingia ndani ya dakika. Mumewe alimsaidia kwa jambo moja alilolijua: kazini yeye hutazama video bila sauti, kwa sababu ya kelele za mashine, kwa hiyo maneno lazima yaandikwe chini ya picha, la sivyo ataona tu mtu anapanua mdomo. Mama Kadi akaliandika hilo na kulizungushia duara.

Kadi ndizo zilizomtesa. Daktari alitaka vichwa vya herufi kubwa, maneno matatu tu, yasomeke kwenye simu hata na mtu aliyesahau miwani. Kadi ya kwanza iliandikwa MBWA NA KUPE. Ya pili ilionyesha mahali pa kumkagua mbwa: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Ya nne ilieleza namna ya kumng'oa kupe kwa kibano, taratibu, bila kumkamua na bila kumchoma moto. Ya tano ilikuwa ya penseli nyekundu: SUMU KWA PAKA, kwamba dawa nyingi za matone za mbwa zina kiini kiitwacho permethrini, ambacho mwili wa paka hauwezi kukivunja.

Kwa kadi ya tatu, Daktari aliandika hivi kwenye makala: “Mpake mbwa wako matone hayo kwenye ngozi ya shingo, nyuma ya kichwa, mahali asipoweza kulamba.” Kwenye kisanduku cha kichwa sentensi haikuenea. Mama Kadi akaipunguza. Akaondoa “mbwa wako”, maana kadi ya kwanza ilishasema habari ni za mbwa. Akaondoa “hayo”. Akaondoa ile “m” ya mwanzo na kurekebisha mwisho wa kitenzi, kwa kuwa mbwa aliyesimamiwa na “m” hiyo alikwisha kuondoka. Chini akaandika kwamba manyoya yatenganishwe, dawa idondoshwe kwenye ngozi, huzuia kupe na viroboto, irudiwe kila mwezi. Akaweka picha ya karibu ya mkono na manyoya ya kahawia. Ikapendeza. Daktari akazitazama zote tano kwenye skrini kubwa, moja baada ya nyingine, akasema ni safi kabisa.

Jumatatu saa mbili asubuhi zikatoka. Mama Kadi alizitazama mara ishirini kabla ya saa nne. Mchana zilikuwa zimesambazwa mara mia mbili na zaidi, na ya tatu ndiyo iliyoongoza, maana ndiyo iliyokuwa na jambo la kufanya. Siku ile alikwenda nyumbani mwepesi, akasahau hata kurudi kuusukuma mlango wa kliniki.

Jumanne saa tatu na nusu simu ya mapokezi ikalia. Aliyepiga alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mzee anayeishi ghorofani peke yake na paka aitwaye Karani, aliyepata jina hilo kwa kupenda kukalia makaratasi. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Alisema Karani anatetemeka mwili mzima, masikio yanacheza yenyewe, ukimgusa anaruka kama aliyepigwa na umeme, na sasa hawezi kusimama.

Mama Kadi alimuuliza kama paka amekula kitu. Mwalimu akasema hapana, ila asubuhi na mapema alimpaka dawa ya viroboto.

“Dawa gani, Mwalimu?”

“Matone ya shingoni. Yale ya kwenye ushauri.”

Mama Kadi akamwambia amviringishe paka kwa taulo, asimpe maziwa wala chochote, achukue na pakiti ya dawa, aje sasa hivi kwa gari lolote. Kisha akaenda kumwita Daktari.

Walifika baada ya dakika kumi na tano. Pakiti ilikuwa ya mbwa wa kilo ishirini na tano hadi arobaini. Karani alikuwa na kilo tatu na nusu. Muuzaji wa duka la pembejeo alikuwa ameulizwa matone ya kupe na viroboto, akatoa matone, hakuuliza ni ya mnyama gani. Daktari alimchoma paka sindano ya kutuliza misuli, akamwekea mrija wa maji. Mtetemo ulipopungua kidogo, muuguzi, kijana mnene mwenye mikono laini, akamwosha shingo na mgongo kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Daktari alimkumbusha mara mbili yasiwe ya moto, maana joto huifungulia dawa njia ya kuingia mwilini. Kisha taulo kavu, chupa za maji ya uvuguvugu pembeni, na taa ikapunguzwa ili mwanga usimshtue.

Mwalimu aliketi mapokezini, mkoba mapajani. Mama Kadi alimletea maji. Mzee akatoa simu, akasema hajui amekosea wapi, alifuata maelezo neno kwa neno, jirani aliyatuma kwenye kikundi cha wapangaji. Akamwonyesha.

Ilikuwa kadi ya tatu, peke yake. Mtu alikuwa amekata ukingo wa chini, na nembo ya kliniki imeondoka nao. Mkono, manyoya ya kahawia, yale maelezo madogo ya kupe na viroboto, na maneno matatu makubwa:

PAKA MATONE SHINGONI.

Mama Kadi aliyasoma kama anayeyaona kwa mara ya kwanza. Aliyaandika akimaanisha kupaka. Mwenye paka aliyasoma akaona paka: huyu mnyama, matone yake, shingoni. Hapakuwa na herufi hata moja ya kumwambia vinginevyo. Onyo lilikuwa kadi ya tano, na kadi ya tano ilibaki kwa jirani.

Mwalimu hakujua ni nani aliyeiandika. Muuguzi hakuwa ameiona simu ile. Daktari alikuwa ndani, mikono imejaa sabuni. Kwa muda kama wa kumaliza glasi moja ya maji, Mama Kadi alikuwa mtu pekee duniani aliyejua, na alijua kwamba akinyamaza tu hakuna atakayejua: picha ile haina nembo, haina jina, ni ya mtandaoni, na ya mtandaoni hayana mwenyewe. Wazo hilo lilimjia likiwa kamili, limevaa na viatu. Lakini nyuma yake likaja jingine: hiyo ni moja kati ya mia mbili. Je, wengine?

Akainuka, akaingia chumba cha matibabu bila kubisha hodi.

“Daktari, ni kadi yetu. Niliikata vibaya mimi.”

Akamwonyesha. Daktari alisoma, akasoma tena, akakaa kwenye kigoda. Mama Kadi akaanza kuomba msamaha. Daktari akamkatiza kwa mkono.

“Nilizisoma zote tano kwa mpangilio,” akasema. “Ndiyo maana sikuona. Nani mwingine anayo?”

Hilo ndilo lililokuwa swali. Muuguzi akashauri waifute haraka, kimya kimya, kabla watu hawajauliza. Daktari akakubali ifutwe, lakini kimya alikikataa. Picha ikifutwa kwenye ukurasa wao, zilizoko kwenye simu za watu hazifutiki. Zinabaki zinatembea, na anayetaka kuzihakiki hatakuta pa kuziulizia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwanza Daktari alitoka mapokezini akamweleza Mwalimu ukweli, Mama Kadi amesimama kando yake, vidole vimefungana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Karani atapona, na Daktari akasema hawezi kuahidi, siku mbili hizi ndizo zitakazosema. Mwalimu akageuza uso dirishani. Mama Kadi angeona afadhali kama angetukanwa.

Ikawa kazi. Mpango wote wa wiki ulipinduliwa. Mama Kadi alitengeneza kadi ya kusahihisha. Alitaka kadi mbaya yenyewe ionekane ndani yake, ili aliyenayo aitambue. Daktari akahofia kwamba mtu ataikata tena na kuirusha. Wakakubaliana ionekane, lakini juu yake upite msalaba mwekundu kutoka pembe hadi pembe, kiasi kwamba ukiikata popote unaondoka na kipande cha msalaba. Nembo ikatolewa ukingoni ikawekwa katikati. Maneno yakawa marefu, na safari hii hakuna aliyelalamika: DAWA HII NI YA MBWA TU. USIMPAKE PAKA. Chini, dalili: kutetemeka, kutokwa na mate, kuyumba. Chini zaidi, namba ya simu.

Jarida la Ijumaa likaenda Jumanne ileile saa nane mchana. Mama Kadi alikuwa ameandika aya sita nzuri juu ya mvua na majani marefu. Akazifuta zote. Kwenye mstari wa kichwa, ule unaoonekana kabla barua haijafunguliwa, akaweka jambo lenyewe, ili hata asiyefungua awe ameonywa: “Dawa ya kupe ya mbwa inaweza kuua paka.” Ndani, sentensi ya kwanza ilikiri kosa, ya pili ikaeleza la kufanya kwa aliyekwisha kumpaka paka wake, na mwisho kiungo cha kwenda kwenye makala nzima. Kabla ya kubonyeza, alilisoma kuanzia chini kwenda juu, kisha akamsomea muuguzi kila sentensi peke yake, bila mpangilio, akimuuliza baada ya kila moja: nani anapakwa?

Halafu akavuta droo ya kadi za chanjo. Wateja wenye paka walikuwa mia moja na kumi na wanane. Akawapigia, mmoja baada ya mwingine, yeye na muuguzi wakipokezana, mpaka sauti zikakauka. Wengi hawakuwa wameiona kadi. Tisa walikuwa nayo. Mama mmoja alisema matone yako rafuni, ameyanunua jana, alikuwa anangoja Jumamosi watoto wawepo wamshikie paka. Mama Kadi alimwomba aende kuyachukua akiwa bado kwenye simu, akasikia kabati likifunguliwa, akamsomesha pakiti herufi kwa herufi. Permethrini. Alipokata simu alikwenda uani, akasimama karibu na ndoo za kudekia, akalia kidogo, akanawa, akarudi kwenye orodha.

Jumatano asubuhi Mwalimu alikuja kumtazama Karani. Paka alikuwa hai, bado masikio yanacheza, lakini aliweza kuinua kichwa. Mzee alisimama mbele ya kizimba kwa muda mrefu. Kisha akaja mapokezini, akaomba aonyeshwe ile kadi, na sentensi ya asili ilivyokuwa kwenye makala. Mama Kadi alivitoa vyote, akavipanga juu ya kaunta.

“Nimefundisha lugha miaka thelathini na moja,” Mwalimu alisema. “Hapa umetupa yambwa, mwanangu. Na yambwa yenyewe ilikuwa mbwa.”

Mama Kadi hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba yambwa ni yule anayetendewa, na sentensi ikipungukiwa nafasi, wa kwanza kutupwa huwa ni yeye, kwa sababu mwandishi anamjua tayari. Msomaji ndiye asiyemjua. Kisha akavuta kiti, akaomba kalamu, akataka aone maneno ya video.

Ndivyo video ilivyorekebishwa, juu ya kaunta, kati ya mteja na mteja. Mwanzo wa zamani ulikuwa salamu. Wakautoa, maana mtu huipa video sekunde tatu kisha kidole chake kinaipita. Sasa Daktari alianza kwa kuinua kichupa karibu na uso: “Dawa hii ni ya mbwa. Kwa paka ni sumu.” Neno mbwa lilirudiwa karibu katika kila sentensi hata Daktari akalalamika kwamba anasikika kama kasuku. Mwalimu akamwambia kasuku hajamuumiza paka wa mtu. Muuguzi alishika simu wima, Mama Kadi akaandika maneno ya chini, na ilipofika sekunde hamsini na mbili wakakata. Ikatoka jioni ileile.

Alhamisi mtetemo uliisha. Ijumaa Karani alikula, akapanda juu ya daftari la miadi pale mapokezini, akakataa kushuka. Mwalimu alimchukua bila maneno mengi. Hakusema amesamehe. Alisema tu kwamba kama kuna makala nyingine inayokatwa, apelekewe vipande kwanza, kimoja kimoja, na asiambiwe vinahusu nini.

Daktari hakumwondolea Mama Kadi kazi ile. Alimwongezea siku mbili za kuifanya, na akaweka sharti kwamba kila kadi isomwe na mtu asiyeijua makala. Makala nzima, kwa sababu ya ile barua ya Jumanne, ilisomwa mara elfu moja na mia tatu ndani ya wiki. Hilo Mama Kadi hakulifurahia, na hakumruhusu mtu alitaje mbele yake. Mumewe alijaribu mara moja, akaanza kusema “Angalau...” Mama Kadi akamtazama, mume akaliacha hapo hapo.

Mwezi mmoja baadaye, saa nane mchana, mapokezi yametulia, ujumbe uliingia kwenye simu ya kliniki kutoka namba ngeni. Ilikuwa picha ile, imefifia kwa kupita mikono mingi, ukungu umeanza kula herufi, na chini yake mtu ameuliza: “Habari za kazi. Hii kitu inasaidia?”

Mama Kadi hakutuma onyo kabla ya kujua. Akaandika: “Salama. Unataka kumpaka mnyama gani, na umeshampaka?”

Akasubiri. Alama ya mtu anayeandika ilitokea, ikapotea, ikatokea tena. Mteja mmoja aliingia na sungura ndani ya boksi, akasalimu, na Mama Kadi akamwonyesha kiti kwa mkono bila kuinua macho.

“Mbwa,” likaja jibu. “Bado sijampaka.”

Mama Kadi akavuta kiti karibu na meza, akaandika: “Mbwa wako ana kilo ngapi?”